Kumbukumbu namba moja, watoto watatu: namna ninavyogawa malipo ya awamu

"Wakuu, nashika uhasibu wa shule. Wazazi wanalipa ada kwa awamu, na kila familia tumeipa kumbukumbu namba moja. Mwenye watoto watatu akilipa, pesa naiona benki lakini sijui nimwandikie nani. Muhula uliopita mtoto mmoja alionekana amezidisha, ndugu yake anadaiwa. Mnafanyaje?"

Mkuu, kosa hilo nimelifanya mwenyewe na lilimwumiza mtoto. Mama mmoja wa watoto wawili alilipa ada ya wote kwa mkupuo mmoja, nami nikaandika pesa yote kwa mkubwa kwa sababu jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha. Wiki ya mitihani orodha ya wadaiwa ikatoka, mdogo akarudishwa nyumbani, wakati familia ile ilikuwa haidaiwi hata senti. Mama alikuja na slipu yake mkononi, na sikuwa na la kujibu. Tangu siku ile nilibadilisha utaratibu wote.

Kumbukumbu namba ya familia inakutajia mlipaji, haikutajii mtoto. Kwa hiyo usijaribu kumaliza kila kitu kwa mstari mmoja. Kazi ni mbili na kila moja iwe na daftari lake. Kwanza unapokea: muamala unaingia kwenye akaunti ya familia kama ulivyo kwenye taarifa ya benki, yaani namba ya muamala, tarehe, kumbukumbu, jina la mlipaji na kiasi. Mstari huo hauguswi tena. Halafu unagawa: kwenye daftari la pili unaandika namba ileile ya muamala, namba ya mtoto, awamu inayolipiwa na kiasi chake. Muamala mmoja unaweza kuzaa mistari mitatu au minne ya mgawo. Leja ya mtoto isomwe kutoka kwenye mgawo peke yake.

Sasa kanuni ya kugawa. Hapa ndipo wahasibu wengi tunapokwama, kwa sababu tunaamua kichwani, leo hivi, kesho vile. Yangu inakwenda kwa mpangilio huu: maelekezo ya mlipaji yanatangulia kila kitu, yasipokuwepo, malimbikizo ya zamani yanalipwa kwanza, kinachobaki kinagawiwa kwa uwiano wa kile kila mtoto anachodaiwa kwa awamu iliyofika. Kanuni hiyo tumeiandika kwenye fomu ya ada na mzazi anaisaini mwanzoni mwa mwaka.

Chukua familia yenye watoto watatu. Ada ya muhula ni 600,000 kwa mkubwa, 450,000 kwa wa kati na 300,000 kwa mdogo, na awamu ya kwanza ni nusu. Kwa hiyo zinazodaiwa sasa ni 300,000, 225,000 na 150,000, jumla 675,000. Wa kati ana malimbikizo ya 80,000 ya muhula uliopita. Baba analipa 500,000 bila maelezo yoyote. Unaanza na zile 80,000 za wa kati, zinabaki 420,000. Kisha unagawa 420,000 kwa 675,000 na kuzidisha kwa deni la kila mmoja: mkubwa anapata 186,667, wa kati 140,000, mdogo 93,333. Senti za kukadiria nampa mwenye deni kubwa, ili jumla irudi kwenye 420,000 kamili. Familia inabaki na deni la 255,000 la awamu hiyo, na kila mtoto amelipiwa sehemu ileile ya ada yake. Baba akileta 255,000 baadaye, wote watatu wanafika sifuri siku moja.

Utaniuliza kwa nini nisimalize mkubwa kwanza, halafu anayefuata. Nilijaribu. Mdogo akawa anaonekana mdaiwa kila awamu, mwaka mzima, ingawa mzazi alikuwa analipa vizuri tu. Mwalimu wa darasa anaona orodha, haoni familia. Lakini uwiano nao una mahali unaposhindwa: mtoto anayemaliza shule au anayehama katikati ya muhula. Huyo namlipia kwanza, baada ya kuongea na mzazi, maana akishaondoka deni lililobaki kwa jina lake ni gumu kulifuata.

Jambo la kulichunga sana ni pesa yenye mwenyewe. Mjomba anamlipia mpwa wake mmoja tu, au mfadhili anamsomesha binti mmoja, lakini wote wawili wanatumia kumbukumbu namba ya familia kwa sababu ndiyo waliyopewa. Ukiigawa kwa uwiano umetumia pesa ya mfadhili kumlipia mtoto asiyemfadhili, na taarifa utakayompelekea itakuwa ya uongo. Ndiyo maana nasoma jina la mlipaji kabla ya kugawa. Jina nisilolijua, muamala unakaa kwenye zisizogawiwa, napiga simu, na ndani ya siku tatu uwe umetoka. Hata hivyo mzazi anapewa stakabadhi siku ileile kwamba pesa imepokelewa, kwa sababu imepokelewa kweli. Na kila mlipaji wa namna hiyo baadaye nampa kumbukumbu yake mwenyewe, mfano namba ya familia ikifuatiwa na tarakimu ya mtoto.

Stakabadhi ya mgawo ionyeshe mistari yote: mtoto, awamu, kiasi, salio. Mzazi akiona hakukusudia hivyo, ana siku saba za kusema. Akisema, usifute mstari. Andika mstari wa hasi kwa mtoto wa kwanza na wa chanya kwa wa pili, vyote kwa namba ileile ya muamala, na uandike nani aliomba na lini. Ukifuta, stakabadhi aliyo nayo mzazi haitalingana tena na daftari lako.

Kama unatumia Excel, hesabu ya kila jioni ni hii. Karatasi ya Miamala ina namba ya muamala kwenye A na kiasi kwenye E; karatasi ya Mgawo ina namba ya muamala kwenye A na kiasi kwenye D. Kwenye safu tupu ya Miamala weka:

```
=E2-SUMIFS(Mgawo!D:D,Mgawo!A:A,A2)
```

Sifuri maana yake pesa yote imegawiwa. Chanya, kuna iliyobaki. Hasi, umegawa pesa ambayo haikuingia, na mara nyingi ni mgawo ulioandikwa mara mbili. Kuna mtego mmoja ulionipotezea siku nzima: namba za muamala zenye tarakimu tupu zaidi ya 15. Excel inalinganisha 15 za mwanzo tu, hata ukiziandika kama maandishi, hivyo miamala miwili tofauti inahesabiwa kama mmoja. Tanguliza herufi, mfano M, kwenye karatasi zote mbili, na tatizo linakwisha.

Hesabu hiyo haitakuonyesha pesa iliyokwenda kwa mtoto asiye wake, kwa sababu jumla inakuwa sawa. Hilo nalitafuta kwa njia nyingine: kila mwisho wa wiki napanga leja kwa familia na kuangalia ndugu ambao mmoja amezidisha na mwenzake anadaiwa. Kiasi kikifanana, karibu kila mara ni mgawo uliokosewa. Na orodha ya wadaiwa haitoki ofisini kwangu bila safu ya salio la familia pembeni ya salio la mtoto. Familia ikiwa sifuri, mtoto haitwi, hata kama leja yake inaonyesha deni. Hiyo ni kazi yangu ya kusahihisha, naye anabaki darasani.