Kumbikumbi au sisimizi wenye mabawa? Majibu kwa picha zenu za baada ya mvua

"Jana mvua ilivyokatika tu wakajaa sebuleni, picha hiyo hapo. Ni mchwa hao au sisimizi tu?" (Morogoro)

Hao ni kumbikumbi, yani mchwa wenyewe wakiwa na mabawa. Rangi sikuihangaikia kabisa, maana chini ya balbu ya njano kila mdudu anaonekana kahawia. Na kusema wametoka baada ya mvua haisaidii kitu, sisimizi nao wanasubiri mvua hiyo hiyo kwa sababu hiyo hiyo, udongo umelainika wa kuchimba na hewa ina unyevu hawakauki.

Nilichofanya nimevuta picha mpaka kwa yule aliyelala chali karibu na mguu wa stuli, sababu yeye ndo ametandaza mabawa. Anayo manne, yote urefu mmoja, na yamepita mkia wake mbali sana, mwili unaishia kama katikati ya bawa hivi. Sisimizi hayuko hivyo, yeye ya mbele ni marefu na ya nyuma ni mafupi wazi wazi, tena yana mishipa michache mizito na mara nyingi kuna doa jeusi pembeni ya bawa la mbele. Alafu cheki kiuno. Huyo wako hana, kifua kimeungana na tumbo unene ule ule, wakati sisimizi pale katikati amebanwa mpaka pamebaki kama uzi wenye kinundu kimoja au viwili.

Angalizo moja, wale waliotulia ukutani kwenye hiyo picha usiwatumie. Kumbikumbi akitua analaza mabawa yote manne moja juu ya jingine, utaapa ana bawa moja, na yanafunika mgongo wote kwaiyo hata kiuno hukioni. Tafuta aliyeanguka, aliyelowa, au aliyekanyagwa nusu.

"Asubuhi nimekuta mabawa tupu chini ya dirisha, wadudu hakuna. Naweza kujua ni nani?" (Kisumu)

Unaweza, na kwa kweli mabawa matupu ni rahisi kuliko mdudu mzima. Okota kama 20, yapange kwenye karatasi nyeupe mstari mmoja, weka rula pembeni upige picha. Yakilingana yote, tofauti ni ya nywele tu, ni mchwa. Ukiona yamejigawa makundi mawili, marefu na mafupi, ni sisimizi. Ila chagua mazima, lililochanika litakudanganya.

Ya kwako nimeona yanalingana, na lundo lenyewe tayari linaongea. Bawa la mchwa lina mstari wa kukatikia karibu na shina, akishatua analikata kwa kujitikisa kidogo tu, yote manne, dume na jike. Sisimizi jike ndo anayatoa, dume anakufa nayo, kwaiyo ingekuwa sisimizi ungekuta na maiti za madume zenye mabawa yake. Kama ulichukua na video usiku angalia sakafuni, wawili wasio na mabawa wanaokimbia mmoja nyuma ya mwingine wamegusana ni mchwa, jike mbele dume nyuma wanatafuta pa kuchimba.

"Nilisoma kwamba sisimizi ana papasi za kichwani zilizokunjika kama kiwiko na mchwa zimenyooka. Wangu zimenyooka ila ana kiuno chembamba. Sasa?" (Arusha)

Kiuno kinashinda. Hiyo habari ya kiwiko ni kweli kwa sisimizi kibarua na kwa malkia, lakini kwenye kundi linaloruka wengi huwa ni madume, na dume wa sisimizi wa aina nyingi kile kipande cha kwanza cha papasi ni kifupi mno mkunjo hauonekani, hasa kwa kamera ya simu. Kwa mchwa papasi ni vipande vya duara vimefuatana kama shanga kwenye uzi, ila kuona hivyo unahitaji picha kali sana. Wewe nenda na kiuno na mabawa, papasi ziwe za kuongezea tu. Wako ni sisimizi, bawa la nyuma kwenye picha yako ya pili halifiki hata mwisho wa lile la mbele.

"Mmesema picha yangu haieleweki. Nipigeje?" (Mombasa)

Mfunike mmoja na glasi, msukumie kwenye chupa yenye mfuniko, tia friza dakika chache apoe aache kuhangaika. Mweke kwenye karatasi nyeupe karibu na dirisha mchana, zima flashi maana mabawa yanang'aa mishipa inapotea. Usisogeze simu mpaka imguse, kamera itashindwa kulenga, kaa kama sentimita 15 hivi kisha ukuze mara 2. Weka sarafu pembeni. Piga kutoka juu, na nyingine kutoka ubavuni, hiyo ya ubavuni watu hawatumi na ndo inayoonyesha kiuno.

"Ni kumbikumbi kweli, nimehakikisha. Ina maana nyumba yangu inaliwa?" (Dodoma)

Hapo picha ya mdudu inafika mwisho, inabidi ujue wametokea wapi. Kumbikumbi wanafuata taa, na kichuguu kikiwa hata kwa jirani wataingia kwako kwa dirisha na chini ya mlango. Hao wa nje hawali chochote chako, wanaokula mbao ni vibarua wasio na mabawa.

Siku wakiruka tena zima taa za ndani, washa ya barazani, kisha pita na tochi ukimulika fremu za milango, kona za sakafu na nyufa za ukuta. Wakiwa wanaingia toka nje watageuka waifuate taa ya baraza. Ukikuta wanachomoza kwenye ufa mmoja, mmoja baada ya mwingine, weka alama kwa chaki na piga picha ya ufa wenyewe, hiyo ndo picha ya maana kuliko zote. Kundi likishatoa kumbikumbi lina miaka kadhaa, sio wageni wa juzi. Kesho yake choma fremu ya hapo kwa bisibisi, ikizama bila nguvu wamo, na angalia vijia vya udongo vinavyopanda ukutani. Hapo ita watu wa dawa washughulikie udongo chini ya sakafu. Kupuliza dawa ya kopo kwa waliokwisha ruka ni kuua waliokuwa wanakufa hata hivyo, wengi wao hawafiki asubuhi.

"Huyu mmoja mkubwa, kahawia, ana manyoya, anajigonga kwenye taa. Ndo malkia wa mchwa?" (Mwanza)

Hapana, huyo ni dume la siafu. Tumbo refu nene limejipinda, kiuno kipo ukimgeuza ubavu, na mabawa ya nyuma ni mafupi. Huwa anakuja mmoja au wachache, hafanyi kundi kama kumbikumbi. Hali mbao wala hana mwiba, mtoe nje.

"Watoto wamewaokota wanataka tukaange, sawa?" (Kakamega)

Kama hamjapuliza dawa humo ndani, na ni wale wakubwa mliowazoea, kaangeni. Kama kopo lilishapita, hata kama ni juzi na ni chumba cha pili, tupeni.