Deni kwa mtaji halitoshi, soma na uwezo wa kulipa riba

"Wakuu, nalinganisha kampuni mbili za viwanda kabla sijanunua hisa. Ya kwanza ina mikopo ya bilioni 60 kwa mtaji wa bilioni 40, ya pili mikopo bilioni 30 kwa mtaji wa bilioni 50. Faida kabla ya riba na kodi ni bilioni 24 kwa ya kwanza na 5.4 kwa ya pili. Riba ni bilioni 6 na 3.6. Ya pili si ndiyo salama zaidi, maana deni lake dogo?"

Mkuu, kwa tarakimu hizo hizo ulizoweka, ya pili ndiyo ya kuiogopa zaidi. Umegawa deni kwa mtaji ukapata 1.5 na 0.6, ukaishia hapo. Sasa gawa faida kabla ya riba na kodi kwa riba ya mwaka, upate uwezo wa kulipa riba. Ya kwanza: 24 kwa 6, unapata mara 4. Ya pili: 5.4 kwa 3.6, unapata mara 1.5.

Uwiano wa kwanza unakuambia mzigo una uzito gani ukilinganisha na fedha za wenye kampuni. Wa pili unakuambia anayeubeba ana nguvu kiasi gani mwaka huu. Mzigo wa kilo 60 kwa mwenye nguvu si tatizo. Wa kilo 30 kwa mgonjwa unamwangusha.

Ili uione nafasi iliyobaki, chukua 1, toa 1 iliyogawanywa kwa uwezo wa kulipa riba. Ya kwanza unapata 0.75, yaani faida hiyo kabla ya riba na kodi inaweza kushuka kwa asilimia 75 na riba bado ikalipika. Ya pili inaweza kushuka kwa theluthi moja tu. Kwa kiwanda kinachotegemea malighafi kutoka nje, theluthi moja inaweza kuondoka ndani ya mwaka mmoja wa bei mbaya. Chukulia faida za zote mbili zimeshuka kwa asilimia 35: ya kwanza inabaki na bilioni 15.6, mara 2.6 ya riba. Ya pili inabaki na 3.51 dhidi ya riba ya 3.6. Hapo inapata hasara, hasara inakula mtaji, na uwiano wa deni kwa mtaji unapanda hata kama haikukopa shilingi mpya. Ndiyo maana uwezo wa kulipa riba huanza kuonyesha ugonjwa mapema, na deni kwa mtaji huja kuuthibitisha baadaye.

Kabla hujaziamini hata hizo 0.6 na 1.5 za kampuni ya pili, fungua maelezo ya hesabu, zile kurasa za nyuma ambazo wengi huziruka. Kuna sehemu mbili za kukagua.

Kwanza ni mtaji wenyewe umetoka wapi. Tafuta mstari wa akiba ya tathmini ya mali. Kampuni ikiita mthamini, ardhi na majengo yakipandishwa thamani, ongezeko hilo linaingia kwenye mtaji bila hata senti moja kuingia benki. Tuseme katika zile bilioni 50, bilioni 22 zimetokana na tathmini ya ardhi. Ukiziondoa mtaji unabaki 28, na deni kwa mtaji linaruka kutoka 0.6 hadi karibu 1.07. Sisemi ardhi haina thamani, kwa benki ni dhamana nzuri. Ila riba hailipwi kwa thamani ya ardhi mpaka uiuze.

Pili ni riba iliyofichama, na hii ndiyo inayowaponyoka wengi. Gawa riba ya mwaka kwa wastani wa mikopo ya mwanzo na mwisho wa mwaka. Tuseme mikopo haikubadilika: 3.6 kwa 30 ni asilimia 12. Kisha nenda kwenye maelezo ya mikopo uone viwango halisi vya benki. Ukikuta imeandikwa asilimia 16, jiulize hizo asilimia 4, yaani bilioni 1.2, zimekwenda wapi. Mara nyingi kampuni inajenga kiwanda kipya, na kanuni ya kimataifa ya hesabu, IAS 23, inataka riba ya mkopo wa ujenzi iongezwe kwenye gharama ya jengo badala ya kupita kwenye taarifa ya mapato. Ni halali kabisa, na huandikwa kwenye maelezo ya mali au ya gharama za fedha. Lakini benki inaidai fedha hiyo kama kawaida. Irudishe: riba inakuwa 4.8, na uwezo wa kuilipa unashuka kutoka 1.5 hadi 1.125. Kiwanda kikikamilika riba yote itahamia kwenye taarifa ya mapato, tena pamoja na uchakavu wa mitambo mipya. Kama mauzo yatachelewa, mwaka huo wa kwanza ndio utakaouma.

Sasa usiipitishe ya kwanza kirahisi. Deni kubwa kwa mtaji lina hatari yake ambayo ile mara 4 haiionyeshi. Moja ni riba kupanda. Kenya, riba ya Benki Kuu ilitoka asilimia 8.75 mwisho wa 2022 ikafika 13 Februari 2024. Mikopo mingi ya benki hufuata mwendo huo. Ongeza asilimia 4 kwenye bilioni 60 na riba inapanda kwa 2.4, inakuwa 8.4, uwezo unashuka hadi kama 2.9. Bado inapumua. Kampuni ya pili, ukianza na ile riba halisi ya 4.8, inafika 6.0 dhidi ya faida ya 5.4, tayari iko chini ya 1.

Nyingine, na ndiyo nzito zaidi, ni marejesho ya mkopo wenyewe. Uwezo wa kulipa riba hauhesabu hata shilingi moja ya mkopo wenyewe unaorejeshwa. Angalia kwenye mizania, sehemu ya madeni ya muda mfupi, mstari wa mikopo inayoiva ndani ya miezi 12. Ukikuta bilioni 20 kati ya zile 60 zinaiva mwakani, kampuni inahitaji 26 pamoja na riba, huku faida yake ni 24 kabla hata ya kodi. Hapo inategemea benki ikubali kukopesha upya, na benki hutazama deni kwa mtaji kabla ya kukubali. Zikiiva bilioni 6 kwa mwaka, hadithi ni tofauti kabisa.

Neno dogo kuhusu kampuni ambazo mtaji umeshakuwa hasi, kama Kenya Airways ilivyokuwa kwa miaka: deni kwa mtaji huko hutoa namba hasi isiyo na maana, usiilinganishe na ya mtu. Soma uwezo wa kulipa riba na ratiba ya marejesho tu. Na kwa benki achana na uwiano wote wawili, kwa sababu amana za wateja, ambazo ni deni, ndizo malighafi yake.

Kwa hiyo kabla hujanunua, leta hapa vitu vitatu: mikopo inayoiva ndani ya mwaka kwa ya kwanza, na kwa ya pili akiba ya tathmini pamoja na riba iliyoongezwa kwenye ujenzi. Vyote vimo kwenye ripoti ya mwaka. Zile hesabu fupi za gazetini huwa hazina maelezo hayo.