Tachipedi imegoma, mausi inadunda: maswali yenu wiki hii

"Fundi, tachipedi ya laptopu yangu imekufa ghafla jana usiku. Nikichomeka mausi inakwenda vizuri. Jamaa wa dukani anasema inabidi ibadilishwe nzima. Ni kweli?" (Msomaji, Morogoro)

Shika hela yako kwanza. Laptopu ambayo haijaanguka wala kumwagikiwa chai, tachipedi yake ikizimika ghafla, mara nyingi kuna kidole kimeizima bila mwenyewe kujua. Tazama safu ya juu kabisa ya kibodi, kuanzia F1 hadi F12. Katika vitufe hivyo tafuta chenye kijipicha cha mstatili wa tachipedi, pengine umekatwa na mstari au una mkono juu yake. Laptopu moja inakiweka F5, nyingine F6, F7 au F9, kwa hiyo fuata picha, achana na namba aliyokutajia rafiki yako.

Kibonyeze peke yake, mara moja, kisha jaribu kusogeza mshale. Ukiona kimya, shikilia Fn na ukibonyeze tena. Njia ni mbili kwa sababu laptopu nyingine kijipicha hufanya kazi moja kwa moja na nyingine hudai Fn kwanza, na kuna zinazobadilishana tabia hiyo ukibonyeza Fn na Esc pamoja. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa: kitufe hicho hicho ndicho kinachowasha na kuzima. Ukikigonga mara mbili kwa haraka umeiwasha na kuizima tena, halafu utaapa kwamba kitufe nacho kibovu.

Kuna mama mwenye steshenari aliniletea laptopu aliyokuwa akiiendesha kwa mausi miezi miwili. Nilipombana akumbuke ilianzaje, akasema umeme ulikatika, akawa anapapasa gizani aongeze mwanga wa skrini. Kitufe cha mwanga na cha tachipedi kwenye laptopu yake vimepakana. Nilibonyeza Fn na kile cha tachipedi, mshale ukaamka. Alicheka, kisha akauliza bei ya ile mausi aliyonunua nani atamrudishia.

Ikishindikana kwa kitufe, tumia mausi kufungua Settings, kisha Bluetooth & devices, kisha Touchpad (kwenye Windows 10 anzia Devices). Swichi ya juu ikiwa Off, iweke On. Wenye HP za zamani, angalieni kona ya juu kushoto ya tachipedi: kama kuna kitaa au kidoti, gongeni hapo mara mbili. Na kama ukurasa wa Touchpad haumo kabisa, laptopu haioni kifaa chenyewe. Hapo tatizo ni draiva, au mpangilio wa BIOS, au waya bapa wa ndani uliochomoka, na sasa fundi ana haki ya kuifungua.

"Kwangu ni ajabu. Nikienda nayo chuoni bila mausi bado haifanyi kazi, lakini kuna siku inafanya." (Msomaji, Eldoret)

Kagua matundu ya USB. Nadhani kile kidude kidogo cha kupokea mawimbi ya mausi isiyo na waya umekiacha kimechomekwa. Mausi iko nyumbani mezani, lakini kwa laptopu kidude hicho ndicho mausi. Windows ina mpangilio wa kuzima tachipedi kila mausi inapounganishwa. Kwenye ukurasa ule wa Touchpad, bonyeza kijishale kilicho pembeni ya swichi, halafu weka tiki kwenye Leave touchpad on when a mouse is connected.

"Nikiwa naandika, nikishusha kidole kwenye tachipedi haiitiki mara moja. Nikigonga kuchagua neno hakuna kitu, baada ya muda kidogo inafanya. Inaanza kuharibika?" (Msomaji, Zanzibar)

Haijaharibika, inakulinda na viganja vyako. Ukiandika, kiganja huegemea ukingo wa tachipedi, na zamani mguso huo ulikuwa unarusha mshale katikati ya aya nyingine, unakuja kugundua nusu ya sentensi imeingia kwenye anwani. Kwa hiyo siku hizi kila ukigonga herufi, tachipedi hupuuza miguso kwa muda mfupi. Pia hupima ukubwa wa kinachoigusa: eneo pana inalihesabu kuwa kiganja. Anayetumia kidole gumba kilicholala, au aliyeegesha kiganja cha kushoto huku anasogeza kwa kulia, anaweza kudhani imekufa.

Jaribu hivi. Ondoa mikono yote miwili, hesabu hadi tano bila kugusa kibodi, kisha sogeza kwa ncha ya kidole kimoja. Ikiitika vizuri, umempata mhusika. Nenda Touchpad, fungua Taps, na kwenye Touchpad sensitivity utakuta Medium sensitivity. Panda hadi High sensitivity. Most sensitive inaondoa ule muda wa kusubiri kabisa, na inawafaa wanaocheza gemu huku wameshikilia W, ila kwa mwandishi naona ni adhabu, maana mshale utaanza kuruka tena.

Mwenye Ubuntu wa kawaida anazima ulinzi huo kwa amri hii, na akiandika true mwishoni anaurudisha:

```
gsettings set org.gnome.desktop.peripherals.touchpad disable-while-typing false
```

"Nauza chapati na mahesabu nafanya kwenye laptopu. Tachipedi inaitika upande wa kushoto, kulia ni mpaka nikandamize." (Msomaji, Mombasa)

Dada, kukandamiza hakusaidii sana. Chini ya ule uso kuna nyaya nyembamba zilizopangwa kama wavu, na zinachokipima ni chaji ya umeme inayobadilika ngozi yako inapokaribia. Unga mkavu kwenye ncha ya kidole unakuweka mbali na wavu. Jasho, na Mombasa hamkosi, hufanya kinyume chake: tone likibaki pale tachipedi hulihesabu kama kidole cha pili, basi kidole chako cha kweli kinachanganywa. Mafuta nayo hukusanya unga na vumbi juu yake, na upande wa kulia ndio unaoupapasa zaidi.

Zima laptopu kabisa, chomoa chaja. Chukua kitambaa laini kama cha miwani, kilowanishe kidogo kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 70, kisichuruzike, na usimimine wala kupulizia moja kwa moja kwenye laptopu. Futa kutoka katikati kwenda nje. Kwenye mfereji wa pembeni pitisha brashi laini kavu; unga uliogandamana hapo ndio unaozuia hata kubofya. Iache ikauke dakika kadhaa kabla ya kuwasha. Asetoni ya kutolea rangi ya kucha usiiguse, inayeyusha plastiki.

Ukiwasha, nawa mikono, ikaushe, halafu jaribu. Ikiitika kote, ni uchafu. Kama upande ule ule bado umekufa na sehemu iliyokufa ina mpaka ulionyooka, wavu wenyewe una kasoro, na hiyo haisafishiki.

"Yangu imekuwa ngumu kubofya na imeinuka kidogo katikati. Niibonyeze irudi?" (Msomaji, Mwanza)

Usiibonyeze. Betri iliyo chini yake huenda imevimba. Izime sasa, usiichaji tena, iweke mbali na godoro na mapazia, na mpelekee fundi aitoe betri kabla hata hujamweleza habari za tachipedi.