Diski imejaa: ufute nini, uache nini kwenye cPanel

Mteja mmoja wa River Road, muuza vipuri, alitupigia asubuhi akisema barua pepe haziingii. Akaunti yake ya cPanel, paneli ya kusimamia tovuti na barua kwenye seva, ilikuwa na nafasi ya GB 5, na yote ilikuwa imejaa. Barua na faili za tovuti hugawana nafasi ileile, kwa hiyo kimoja kikifura kingine hukwama.

Mwenzetu mgeni kazini alifungua File Manager. Akaona `public_html`, akajua hiyo ndiyo tovuti, akaiacha. Kando yake kulikuwa na `mail` na `etc`. Jina `etc` halikumwambia kitu, akalifuta. Dakika chache baadaye hakuna mfanyakazi wa duka aliyeweza kuingia kwenye barua yake.

Elewa kilichotokea. Barua zenyewe hukaa ndani ya `mail`, lakini orodha ya visanduku na nywila zake imo ndani ya `etc`. Barua zilikuwepo, ila seva haikuwa tena na orodha ya wenye visanduku. Bahati nzuri hakuwa ameweka tiki pale pa kufuta moja kwa moja bila kupitia pipa. Tulibofya View Trash, tukachagua `etc`, tukabofya Restore, visanduku vikarudi.

Jambo hilohilo lililotuokoa ndilo huwachanganya wengi: ulichofuta huhamia folda iliyofichwa iitwayo `.trash`, na bado kinahesabiwa kwenye nafasi yako. Hutaona nafuu yoyote mpaka umwage pipa. Lakini usilimwage kabla tovuti na barua hazijajaribiwa.

Sisi tulipaswa kuanzia Disk Usage, inayoonyesha kila folda imekula kiasi gani. Mzigo ulikuwa `error_log` ndani ya `public_html`, faili ambamo makosa ya PHP huandikwa mstari baada ya mstari. Kuifuta hakuvunji tovuti, ila soma mistari ya mwisho kwanza, maana kosa lisiporekebishwa itajaa tena. Nakala rudufu za zamani zinazoishia na `.tar.gz` nazo hufutika, ukishazipakua kwenye kompyuta. Barua za mtu zipunguze kupitia Email Disk Usage au sanduku lake mwenyewe, kwa idhini yake. Usizifuate faili kwa faili ndani ya `mail`.

Hifadhidata mimi siigusi kwa ajili ya nafasi. Ukilazimika, ingia phpMyAdmin, tumia Export kwanza, uhakikishe faili imeshuka na ina kitu ndani. Na usibadilishe nywila ya mtumiaji wake kwenye ukurasa wa hifadhidata peke yake. Tovuti ya WordPress huisoma hapa, ndani ya `wp-config.php`:

```
define( 'DB_PASSWORD', '...' );
```

Nywila hizo mbili zikitofautiana, wageni wa tovuti wataona "Error establishing a database connection" papo hapo. Bidhaa na oda zote bado zipo. Sahihisha mstari huo mmoja, uhifadhi, na ukurasa utafunguka.