Hotuba ya Miaka Mitano: Shukrani Zitaje Kazi, Malengo Yatajiwe Mwenye Dhamana

Msomaji mmoja anayeendesha kampuni ndogo ameniomba mfano wa hotuba ya kutimiza miaka mitano. Kwa kuwa kiwanda chetu cha unga hapa Morogoro kimeadhimisha miaka hiyo hivi karibuni, nitamweleza nilivyoandaa yangu, nayo ninajivunia.

Kabla ya kujiajiri nilifanya kazi ya zamu ya usiku katika kampuni ambayo mkurugenzi wake, siku ya sherehe, aliwashukuru wageni na wenye benki kwa majina, kisha akatumaliza sisi kwa maneno "na wafanyakazi wote". Neno hilo linaniuma hadi leo. Kwa hiyo niliandika shukrani kwanza, na kila mtu nikamtajia kazi ambayo wenzake waliiona. Fundi wetu wa mashine nilimshukuru kwa usiku ule chekeche lilipopasuka, akazima mashine na kuagiza mifuko iliyokwisha kushonwa ifunguliwe, ilhali gari la mteja lilikuwa likisubiri nje. Kama huna tukio la namna hiyo kwa mfanyakazi fulani, muulize msimamizi wake mapema, kwa sababu sifa ya jumla husikika mara moja kuwa ni ya kujaza nafasi.

Malengo ndiyo sehemu ngumu. Rasimu yangu ya kwanza ilisema tutaboresha ubora, maneno ambayo hayamwambii mtu wa ghala afanye nini kesho. Niliyoyasoma ukumbini yalikuwa haya: kuanzia mavuno yajayo, hakuna gunia la mahindi litakalopokelewa bila kupimwa unyevu, litakalozidi asilimia 13.5 halitaingia ghalani hadi likauke, kwa kuwa mahindi mabichi huota ukungu na huweza kuleta sumukuvu; na mkuu wa ghala ana mamlaka ya kulikataa hata kama mimi nimekwisha kumwahidi muuzaji. Hapo pana kipimo, wakati na mwenye dhamana, na wafanyakazi wamenisikia nikijifunga mbele yao.

Lengo hilo lina gharama, nayo itajwe. Nilieleza kwamba kipima unyevu kitanunuliwa kabla ya gari jipya, na kwamba baadhi ya wauzaji watatukimbia. Kuhusu mishahara, usitangaze nyongeza ambayo mhasibu hajaithibitisha. Mimi niliahidi jambo lililo ndani ya uwezo wetu: vibarua wa kudumu wapewe mikataba ya maandishi na kuchangiwa NSSF, ambako mchango ni asilimia 20 ya mshahara na mwajiri hubeba angalau nusu yake.

Yote hayo yalitosha kurasa mbili, zikasomwa kwa takriban dakika saba. Ukurasa wa malengo umebandikwa mlangoni mwa ghala, na mkuu wa ghala ameshaanza kuwaonyesha wauzaji.