Yah: Maombi ya Kuendelea Kuwa Rafiki Yako

*Swali la wiki: Rafiki yako wa siku nyingi amepandishwa cheo. Utamwandikiaje barua ya kumpongeza, huku ukimtania kwamba sasa atawasahau, bila kumchoma?*

Barua ya namna hiyo nimewahi kuiandika, tena mara mbili, kwa sababu ya kwanza niliichana.

Rafiki yangu alikuwa karani wa ghala kwa miaka 6. Siku alipofanywa msimamizi, simu yake ilijaa salamu. Baadaye alinionyesha, na karibu zote zilisema neno lilelile: "Hongera mkubwa, usije ukatusahau." Ukisoma ya kwanza unacheka. Ukifika ya kumi na tano unaanza kujiuliza umewakosea nini watu hawa. Halafu baadhi yao walirudi wiki hiyohiyo. Mmoja alikuwa na mpwa anayetafuta kibarua, mwingine alitaka kukopeshwa hadi mwisho wa mwezi. Kumbe ile "usije ukatusahau" ilikuwa hodi tu, shida yenyewe ilikuwa imesimama mlangoni ikisubiri kukaribishwa. Mtu akishapata hodi mbili tatu za hivyo, hata anayemtania kwa moyo mweupe anasikika kama mwombaji.

Barua yangu ya kwanza haikuwa na ombi lolote, lakini ilikuwa na sentensi moja niliyoipenda sana: "Najua simu zetu sisi wadogo hutazipokea tena." Usiku nikaisoma upya, nikakumbuka kwamba wiki ileile nilimpigia mara mbili hakupokea, na kwamba niliudhika. Basi ule haukuwa utani. Ilikuwa lawama iliyoazima nguo ya harusi. Nikaichana barua, asubuhi nikampigia mara ya tatu, akapokea, nikamwambia waziwazi kwamba amenisumbua. Akaomba radhi, yakaisha. Tangu siku hiyo kila ninapotaka kumtania mtu aliyepanda, najiuliza kwanza: hili ninaloliandika limeshatokea tangu apande? Kama limetokea, halikai kwenye barua ya pongezi. Ninachoweza kutania ni jambo ambalo sote wawili tunajua halipo, au kosa la zamani tulilokwisha kulicheka mpaka likachakaa.

Bahati nzuri, huyu wangu ana kosa la aina hiyo. Ni msahaulifu wa kuzaliwa. Kwa hiyo sikuhitaji kubuni kwamba cheo kitamsahaulisha watu, ilitosha kumkumbusha kwamba alikuwa akitusahau bure, bila mshahara wa kufanya hivyo. Na kwa kuwa sasa angekuwa mtu wa mafaili, nikaamua utani wote uvae lugha ya ofisini. Niliyompelekea ni hii, nimepunguza mistari michache tu.

*Kumb. Na.: Ile uliyoisahau*

*Kwa Msimamizi wa Ghala (aliyekuwa mwenzetu)*

*YAH: MAOMBI YA KUENDELEA KUWA RAFIKI YAKO*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Mimi niliyetajwa mwishoni mwa barua hii naomba kubaki katika nafasi ya urafiki ambayo nimeitumikia kwa miaka 11 bila likizo wala marupurupu. Naelewa kwamba kutokana na cheo chako kipya nafasi hizi huenda zikapunguzwa, na kwamba waombaji ni wengi kuliko walivyokuwa mwezi uliopita.*

*Kuhusu sifa, nina uzoefu wa kutosha wa kusahauliwa. Mwaka wa kwanza tu ulinitambulisha kwa wageni kwa jina la kaka yangu, nami nikaliitikia jioni nzima. Mwavuli wangu ulioazima siku ya mvua bado uko safari ya kikazi, mahali ambapo hata wewe hupajui. Kwa hiyo wakija kuniambia kwamba cheo kimekusahaulisha watu, nitakitetea. Nitawaambia kimekukuta hivyohivyo.*

*Nimearifiwa pia kwamba umekabidhiwa funguo zote za ghala. Waliokukabidhi hawakuniuliza. Ningewasimulia usiku ule uliolala kwangu kwa sababu funguo zako zilibaki ndani ya nyumba, na usiku uliofuata, ulipolala kwangu kwa sababu hiyohiyo. Godoro lile sasa linaitwa kwa jina lako, na halitapewa mtu mwingine mpaka ustaafu.*

*Basi, ngoja niweke kando haya ya ofisini niseme na wewe.*

*Nimefurahi, ndugu yangu. Nimefurahi sana. Nakumbuka ile hesabu ya mali ya mwisho wa mwaka, leja iliposema vipande 540 na kwenye rafu vikapatikana 450. Kila mtu alishamjua mwizi: wale vibarua wawili wa kushusha mizigo, maana ndio waliokuwa karibu na ndio wasiokuwa na wa kuwasemea. Wewe ukakataa kusaini karatasi ya upungufu. Ukakaa jioni tatu unafungua boksi moja baada ya jingine, yote 45, ukakuta kila moja lina vipande 10, ilhali siku yalipopokewa yaliandikwa kwa idadi ya maboksi ya zamani, vipande 12. Vile 90 havikuibwa. Havikuwahi kuingia. Ulipopita kwangu jioni ya tatu ulisema umechoka tu, ukalala. Habari yenyewe nilikuja kuipata kwa mmoja wa wale vibarua, ambaye bado ana kazi.*

*Ninakupongeza kwa hilo. Cheo kimechelewa njiani, lakini kimefika kwa mwenyewe.*

*Najua yapo mambo ambayo sasa hutaweza kuniambia: nani anahamishwa, nani kaandikiwa onyo, nani kaletwa kwa kusukumwa. Usiniambie. Ukinyamaza sitasema umebadilika. Na jioni zako zikiishia kazini, nitajua uko wapi. Nikikutaka nitakufuata mimi, miguu yangu haijapandishwa cheo.*

*Narudi kwenye maombi. Naambatisha picha yangu moja ndogo ili usipate taabu kunitambua tukikutana. Nyuma yake nimeandika jina langu, si la kaka yangu.*

*Wako mtiifu,*
*Mwenye mwavuli*

*Nakala: Kaka yangu, kwa taarifa.*

Mnaona pale katikati nilipobadilisha sauti. Hapo ndipo barua yote iliposimama, na ndipo niliposumbuka kuliko pengine pote. Mwanzoni nilichanganya: sentensi ya sifa, sentensi ya utani, sentensi ya sifa. Niliposoma kwa sauti nikaona hata sifa zinasikika kama kejeli. Ukimwambia mtu "ewe mkubwa wetu mwenye macho ya tai uliyeokoa vibarua", hajui achukue lipi na aache lipi. Nikagawa. Utani wote nikauvalisha "husika na kichwa cha habari", pongezi nikaiandika kwa maneno yale ninayomwambia tukiwa tumekaa. Msomaji akisikia lugha ya ofisini anajua tunacheza. Akisikia "ndugu yangu" anajua mchezo umesimama kidogo. Kisha nikarudi kwenye mchezo mwishoni, kwa sababu rafiki huyu akisifiwa akaachwa hapo hajui aweke wapi mikono.

Na sifa yenyewe lazima iwe ya kitu alichokifanya. "Unastahili" inaweza kuandikwa na mtu asiyemjua kabisa. Hesabu ya yale maboksi 45 haiwezi kuandikwa na aliyekuja jana. Ukimwonyesha rafiki kwamba wewe unakumbuka, umeshamjibu ile hofu ya kusahauliana bila hata kuitaja.

Ile aya ya "usiniambie" niliiongeza dakika ya mwisho, na sasa naiona ndiyo iliyokuwa na kazi. Ukweli ni kwamba aliyepandishwa kusimamia watu hubadilika hata asipotaka. Jana alikuwa akilalamika nasi kuhusu wakubwa, leo yeye ndiye analalamikiwa, na mengine anayoyajua si yake kuyasema. Marafiki wengi huuona huo ukimya wakadhani ni maringo. Nilitaka ajue mapema kwamba mimi sitaudhania hivyo. Baada ya hapo ndipo nilipojiona nina ruhusa ya kumcheka.

Kuna jambo dogo kuhusu namna ya kuifikisha. Mwenzetu mmoja alinishauri niiweke kwenye kundi la simu la watu wa kazini ili wote wafurahi. Nilikataa. Kwangu mimi, msimamizi wa ghala anayesahau funguo ni kichekesho. Kwa vijana anaowaongoza ni habari, na kwa anayekitaka kiti chake ni ushahidi. Humo kundini wapo pia waliokuwa sawa naye jana na leo wanapaswa kumsikiliza, na wengine bado hawajalimeza hilo. Utani wa watu wawili ukisomwa na watu arobaini, hukosi atakayeutunza kwa siku mbaya. Niliandika kwa mkono, nikatia kwenye bahasha, nikampa mwenyewe. Kama mngekuwa mnaniuliza hotuba ya kumwaga hadharani, ningebakiza mwavuli na godoro, ila funguo nisingezigusa kabisa.

Mstari mmoja nilioufuta ulihusu mshahara. Ulichekesha. Lakini rafiki akishacheka, kinachobaki kichwani ni kwamba nimeshaanza kumhesabia.

Jibu lake lilikuja baada ya siku 9, limeandikwa nyuma ya barua yangu mwenyewe, kwa wino mwekundu:

*"Maombi yako yamepokelewa tarehe ambayo sikumbuki. Yamewekwa kwenye jalada, na jalada linatafutwa. Tumekubali uendelee na nafasi yako kwa masharti yaleyale, bila marupurupu. Mwavuli unaletwa. Ile picha imetufikia, ila tunadhani umekosea jina nyuma, maana kaka yako tunamfahamu."*

Mwavuli uliletwa kweli. Si wangu.