Hongera bila "usitusahau": kumpongeza mteja aliyepanda cheo

Mtu wa manunuzi akipandishwa cheo Kampala, simu yake hulemewa siku hiyohiyo. Wauzaji, wasafirishaji, mawakala wa forodha, wote wanaandika, na jumbe nyingi zina mkia uleule: "Hongera sana, usitusahau." Aliyeandika anaona ameleta utani mzuri. Aliyepokea anasoma ombi la kazi lililovikwa pongezi, na ni la ishirini tangu asubuhi. Neno hilo "usitusahau" ndilo la kwanza kufutwa, pamoja na ndugu zake wote: "sasa mambo yetu yatanyooka", "tunategemea ushirikiano zaidi", "tuko nyuma yako".

Kabla ya kuandika, hakikisha habari yenyewe. Maofisini uvumi hutangulia barua ya uteuzi, na mara nyingi mtu huanza kwa kukaimu. Ukimwita meneja kamili mtu anayekaimu, unamweka pabaya, hasa ujumbe ukiwa kwenye kundi la WhatsApp ambalo wakubwa wake wanalisoma. Huenda hata anayeondoka hajaambiwa. Basi subiri kampuni itangaze, au yeye mwenyewe akuambie, au saini yake kwenye barua pepe ibadilike. Kama anakaimu, mpongeze kwa kuaminiwa kushika nafasi hiyo, na usiongeze "karibuni utathibitishwa". Hilo hulijui, na likikwama atayakumbuka maneno yako kwa uchungu.

Tuchukue mfano mmoja. Una malori yanayobeba malighafi kutoka Mombasa kupitia Malaba hadi kiwanda kimoja cha Namanve. Afisa ugavi mliyefanya naye kazi miaka miwili amekuwa meneja wa ugavi. Ujumbe wa kawaida ungekuwa hivi: "Kwa niaba ya uongozi na wafanyakazi wote wa kampuni yetu, tunakupongeza kwa uteuzi wako unaostahili. Tunaahidi kuendelea kukupa huduma bora kwa bei nafuu." Chini yake nembo ya kampuni, namba tatu za simu, na orodha ya bei. Hakuna neno hata moja hapo lisiloweza kutumwa kwa meneja mwingine yeyote nchini. Kwa hiyo halimhusu.

Linganisha na huu:

"Habari za asubuhi, dada. Nimesikia sasa wewe ndiye meneja wa ugavi, hongera sana. Sijasahau mwezi Machi, malori mawili yaliposimama Malaba kwa kosa la uzito kwenye ankara: ulipokea simu saa nne usiku na ankara iliyosahihishwa ikafika kabla madereva hawajalala. Nimefurahi kuona kazi ya namna hiyo imetambuliwa. Najua simu yako ina mengi leo, usihangaike kujibu."

Kazi yote imefanywa na sentensi ya Machi. Inataja tukio moja, mahali, saa, na kitu alichokifanya yeye, ambacho pengine hata bosi wake hakukiona. "Wewe ni mchapakazi" angeweza kuandika yeyote. Ukikaa dakika tano ukakosa tukio kama hilo, usilitunge. Andika sentensi mbili fupi za hongera na uishie hapo. Ufupi haumuudhi mtu. Sifa za kubuni humuudhi, kwa sababu yeye anajua vizuri nini alifanya na nini hakufanya. Chunga pia usichague tukio ambalo ndani yake alivunja utaratibu kwa ajili yako. Kuandika "ulitusaidia kulipwa haraka kabla ya wengine" kwenye simu ya mtu wa manunuzi ni kumtengenezea ushahidi dhidi yake.

Lugha iwe ileile mnayozungumza siku zote. Kama kwenye simu mnaongea Kiswahili au Luganda, barua ya Kiingereza kizito itamfanya ajione amekuwa mgeni kwako tangu apate cheo. Na ujumbe uende kwake peke yake. Mabango yenye picha yake kubwa na nembo yako pembeni, ya kuweka WhatsApp au kurasa za kampuni, yanaitangaza kampuni yako kwa uso wake. Vivyo hivyo kurasa za magazeti ambazo kampuni hununua kumpongeza mteule mpya: msomaji anahesabu nani alilipia. Ukitaka kumtaja hadharani, muulize kwanza.

Sasa zawadi, ambapo wengi huharibu. Kama kiwanda ni cha binafsi, kampuni nyingi zina kanuni zao kuhusu wauzaji kuwapa wafanyakazi zawadi, na mtu wa ugavi ndiye anayeangaliwa kuliko wote. Kadi iliyoandikwa kwa mkono haina tatizo. Keki iliyopelekwa mapokezi ili ofisi nzima ikatiwe, kwa kawaida inapita, lakini uliza kwanza. Pesa za mobile money hapana, hata zikiitwa "za soda". Kama mteja ni wizara, halmashauri ya wilaya au shirika la umma, usipeleke kitu chochote. Sheria ya Uganda ya Kupambana na Ufisadi ya mwaka 2009 inaweza kukugusa wewe mtoaji na yeye mpokeaji. Na kama una zabuni ambayo bado inatathminiwa katika taasisi hiyo, hata ujumbe mtamu usubiri hadi matokeo yatangazwe. Mawasiliano ya faragha katika kipindi hicho yanaweza kumponza yeye na yakaiharibu zabuni yako.

Pongezi huweza pia kuharibika baada ya kutumwa. Ujumbe mzuri wa Jumatatu unafuatwa Alhamisi na "kuhusu ile ankara yetu ya Aprili…", na hapo ujumbe wa Jumatatu unageuka kuwa mlango uliobishwa kwa hila. Deni lidai kama kawaida, ila kwa mhasibu, kwa barua pepe ileile iliyokuwa ikitumika. Jambo jipya, kama njia nyingine au bei mpya, liache majuma matatu au manne. Meneja mpya katika siku hizo anapokea makabidhiano na kujifunza nani anasaini nini, na pendekezo lako litapata jibu la "tutaangalia" kisha kimya. Ukilipeleka baadaye, usikumbushe kwamba ulimpongeza.

Tuzo ni jambo jepesi kidogo. Taja kazi iliyotuzwa, si usiku wa sherehe na gauni lake. Kama tuzo ni ya idara nzima, waingize wenzake: "nifikishie hongera kwa vijana wa ghala". Mtu aliyeongoza kikosi hufurahi zaidi kuona kikosi kimeonekana.

Tena kuna yule mwingine. Nafasi ya meneja mara nyingi iligombewa na wawili au watatu wa ofisi hiyohiyo, na huenda mmoja wao ndiye anayepokea mizigo yako getini. Usimpe pole, kwa kuwa huenda hakukuambia aliomba. Usimsifie meneja mpya mbele yake, wala usimfanye mpitishaji wa pongezi zako. Mpigie kwa jambo lenu la kawaida la mzigo, kwa salamu zilezile na heshima ileile ya mwezi uliopita.